Kufuli lilikuwepo, pesa zikaenda

*"Mtaalamu, kaka yangu alinifundisha kuwa tovuti ikiwa na kufuli pale juu, hiyo ni salama. Mwezi uliopita nilijaza fomu ya kazi kwenye tovuti yenye kufuli, nikaweka namba ya NIDA na picha ya cheti changu, halafu nikatuma 15,000 ya 'kufungua faili'. Namba yao sasa haipatikani. Kufuli nililiona kwa macho yangu, na hata leo bado lipo. Lilikuwa la bandia?" – Msomaji, Morogoro*

Pole sana, dada. Kufuli halikuwa la bandia. Lilikuwa la kweli kabisa na lilifanya kazi yake yote: lilihakikisha namba yako ya NIDA na picha ya cheti chako vinamfikia tapeli bila mtu yeyote wa njiani kuvichungulia. Najua hilo linauma kulisikia, lakini ndiyo hali yenyewe.

Kaka yako naye usimlaumu. Sisi mafundi ndio tuliowafundisha watu hivyo kwa miaka mingi. Kufuli hutokana na cheti cha kidijitali cha tovuti, ambacho si cheti kama hicho chako. Zamani cheti hicho kilinunuliwa kwa pesa, na kukifunga kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kulihitaji mtu anayejua anachofanya. Matapeli wengi hawakujisumbua. Kwa hiyo ukiona kufuli, mara nyingi ulikuwa kwenye benki au duka kubwa. Kufuli lenyewe halikuwahi kusema "hawa ni waaminifu". Ilitokea tu kwamba wezi walikuwa hawajalifikia.

Ili uone linasema nini hasa, fikiria barua iliyotiwa lakiri. Fomu uliyoijaza ilitoka kwenye simu yako, ikapita kwenye mnara wa mtandao wako, ikapita kwenye mitambo ya kampuni kadhaa usizozijua, mpaka ikafika kwenye seva ambayo huenda iko Ulaya au Marekani. Bila lakiri, kila aliyeishika barua hiyo njiani angeweza kuisoma, na hata kufuta neno na kuandika lake. Ukiwa stendi unatumia waifai ya bure na tovuti inaanza kwa `http://` tu, mwenye kile kifaa cha waifai anaweza kusoma nywila yako kama anavyosoma gazeti. Tovuti ikianza kwa `https://`, anachopata ni herufi zilizovurugwa ambazo hawezi kuzipangua. Ataweza kujua umetembelea tovuti yenye jina fulani, kama tarishi anavyoona anwani juu ya bahasha, lakini ulichosoma na ulichoandika humo ndani hakioni. Na akijaribu kubadilisha kitu, kivinjari chako, ile programu unayofungulia tovuti, kitagundua na kukataa.

Hizo ni ahadi mbili: njiani hapasomwi, njiani hapabadilishwi. Ipo ya tatu, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Kufuli linaahidi pia kwamba anayefungua barua ni yule mwenye jina lililoandikwa kwenye bahasha. Jina maana yake yale maneno yaliyo kwenye mstari wa anwani pale juu. Kama juu pameandikwa jina fulani, basi kweli unaongea na mtu anayelimiliki jina hilo. Mtu huyo ni nani, anaishi wapi, ana nia gani, kufuli haliulizi.

Nadhani utaelewa vizuri zaidi nikikuonyesha jinsi ninavyolipata mimi kufuli ninapomtengenezea mteja tovuti. Kwanza ninanunua jina, tuseme la `.com`, kwa dola kumi na kitu kwa mwaka. Kisha ninakodi seva. Kisha ninaingia kwenye seva hiyo na kuandika mstari mmoja, nikiweka jina nililonunua mahali pa hili la mfano:

```
sudo certbot --nginx -d nafasi.example
```

Mstari huo unaita programu ya Certbot, nayo inaomba barua pepe yangu na inaniuliza kama nakubali masharti. Baada ya hapo inawasiliana na taasisi inayoitwa Let's Encrypt, ambayo imekuwa ikitoa vyeti bure tangu 2015. Let's Encrypt haiulizi kitambulisho. Haiulizi leseni ya biashara, wala haipigi simu. Inaniambia tu, kwa lugha ya kompyuta: "Unadai jina hili ni lako? Haya, weka faili hili lenye herufi hizi kwenye tovuti ya jina hilo." Programu inaliweka. Wao wanakwenda kulisoma kupitia mtandao kutoka sehemu mbalimbali, wanalikuta, wanaridhika. Ikishafika hapo kioo kinaandika:

```
Successfully received certificate.
```

Nimemaliza. Mara nyingi huwa haijafika hata dakika moja. Cheti kwa kawaida kinadumu siku 90, kisha programu inakiomba upya yenyewe bila mimi kunyanyua kidole.

Sasa mweke tapeli mahali pangu. Kuna hatua gani hapo ingemzuia? Jina amelinunua mwenyewe kwa pesa yake, kwa hiyo ni lake kweli. Faili ameweza kuliweka, kwa sababu seva ni yake. Swali aliloulizwa ni moja tu, na jibu lake ni la kweli. Hajadanganya mtu bado. Uongo unaanza baadaye, pale anapobandika nembo ya serikali na fomu ya kazi kwenye ukurasa ambao wakati cheti kinatolewa ulikuwa mtupu.

Jambo hili unaweza kulishuhudia mwenyewe ukipata kompyuta yenye Chrome. Bofya alama iliyo upande wa kushoto wa anwani, kisha `Connection is secure`, kisha `Certificate is valid`. Litafunguka dirisha dogo lenye maelezo ya cheti. Pale panapotakiwa kuandikwa cheti kimetolewa kwa nani, kwenye tovuti nyingi mno utakuta hivi:

```
Common Name (CN)    nafasi.example
Organization (O)    <Not Part Of Certificate>
```

Mstari wa kwanza ni jina la tovuti. Wa pili ndio ungetaja kampuni au taasisi inayomiliki tovuti hiyo, na umeandikwa wazi kwamba habari hiyo haimo kwenye cheti. Kila ninapowaonyesha watu mstari huo wananyamaza kidogo.

Labda utauliza: mbona hakuna cheti kinachomkagua mwenye tovuti? Kilikuwepo, na bado kipo. Ni cheti cha gharama ambacho watoaji wake hukagua usajili wa kampuni kwanza. Zamani tovuti yenye cheti hicho ilionyeshwa na jina la kampuni kwa rangi ya kijani kando ya anwani. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama, Ian Carroll, alisajili kampuni huko Kentucky, Marekani, akaiita "Stripe, Inc", jina lilelile la kampuni kubwa ya malipo iliyosajiliwa jimbo jingine. Usajili ulimgharimu dola 100 na cheti dola 77. Kivinjari kikaonyesha jina la Stripe kando ya anwani ya tovuti ambayo Stripe wenyewe hawakuijua. Hakuvunja sheria yoyote, kwa sababu majina ya kampuni hujirudia kutoka jimbo hadi jimbo. Isitoshe, watumiaji wengi hawakuwa wanautazama ule mstari wa kijani, na ulipokosekana hawakushtuka. Mwaka 2019 Chrome na Firefox wakauondoa pale juu. Binafsi naona walifanya vizuri. Ishara inayowatuliza watu bila kuwalinda ni afadhali isiwepo.

Kufuli lenyewe nalo liko njia hiyohiyo. Google walifanya utafiti mwaka 2021 na kukuta kwamba katika kila watu mia walioulizwa, 11 tu ndio walioelewa sawasawa maana ya kufuli. Septemba 2023 wakaliondoa kwenye Chrome ya kompyuta na ya Android, wakaweka alama ya vijistari viwili vyenye vitufe, kama ile ya kurekebisha sauti ya redio. Vivinjari vingine viliendelea kulionyesha. Kwa hiyo ukisasisha simu yako usione kufuli, usidhani tovuti zote zimeharibika. Chrome sasa inanyamaza mambo yakiwa sawa, na inaandika `Not secure` yasipokuwa sawa.

Kinyume chake pia ni kweli: tovuti ya mtu mwaminifu inaweza kukosa cheti kinachofaa, nami nilijifunza hilo kwa aibu. Mteja wangu mmoja anauza sare za shule. Nilibadilisha mipangilio ya seva yake nikafunga mlango ambao Let's Encrypt huutumia kuja kusoma lile faili, nikasahau kuufungua. Cheti kikashindwa kujihuisha, kikaisha muda Jumamosi moja ya Januari, msimu ambao wazazi wote wanatafuta sare. Vivinjari vikaanza kutoa onyo kubwa, na simu zikanijia kwamba duka limetekwa na wezi. Duka lilikuwa lilelile, mama yuleyule, mashati yaleyale. Kilichokosekana ni karatasi ya fundi mzembe. (Kama onyo la namna hiyo linakutokea kwenye kila tovuti unayofungua, tazama tarehe ya simu yako kabla ya yote. Simu iliyozimika ikarudi na tarehe ya miaka mitano nyuma huviona vyeti vyote havifai.) Lakini onyo likitokea kwenye tovuti moja tu, usiliruke ukaingiza nywila au namba ya kadi. Wewe uliye nje huwezi kujua kama ni uzembe wa fundi au kuna mtu amekaa njiani.

Turudi kwenye kesi yako. Kwa kuwa kufuli linathibitisha jina na kuishia hapo, kazi ya kulisoma jina hilo inabaki kwako. Nikuonyeshe linavyosomwa, maana wengi wanalisoma kutoka kushoto kama sentensi, na tapeli anategemea hivyo. Chukua anwani hii. Mwisho wake, `.example`, umetengwa kwa ajili ya mifano na hauuzwi, kwa hiyo simsingizii mtu:

```
https://portal.ajira.go.tz.maombi.example/ingia
```

Jicho likianzia kushoto linakutana na `portal.ajira.go.tz`, ambayo ndiyo tovuti halisi ya maombi ya kazi serikalini Tanzania, na moyo unatulia. Lakini wewe fanya hivi. Ruka `https://`, kisha tafuta mkwaju wa kwanza baada ya hapo, ule `/` ulio kabla ya neno `ingia`. Yote yaliyo kulia kwa mkwaju huo yasahau, hayakuhusu. Simama pale kwenye mkwaju urudi nyuma kuelekea kushoto. Unakuta `example`, nukta, `maombi`. Basi. Mwenye tovuti hii ni `maombi.example`. Maneno yote yaliyo kushoto ya hapo ameyaandika mwenye jina hilo kwa hiari yake, na hakuna wa kumkataza. Ni sawa na mtu wa kijijini kwetu auite uchochoro wake Mtaa wa Ikulu na choo chake Wizara ya Fedha. Ataruhusiwa, maana uwanja ni wake, ila Rais haishi hapo.

Kwa majina ya nchi zetu kuna nyongeza ndogo. Miisho kama `.go.tz`, `.co.tz`, `.go.ke` na `.ac.ke` huhesabiwa kama mwisho mmoja, kwa hiyo chukua neno moja zaidi kushoto. Katika `portal.ajira.go.tz` mwisho ni `.go.tz`, na jina ni `ajira.go.tz`. Miisho ya `.go.tz` na `.go.ke` hutolewa kwa taasisi za serikali tu, mtu binafsi hauziwi. Kwa hiyo hapo kufuli na jina vikikaa pamoja vinakwambia kitu cha maana: mwisho wa serikali upo mahali pake sahihi, na kufuli linathibitisha kwamba hakuna aliyeuiga njiani. Ila chunga vistari. `ajira-go-tz` yenye vistari ni neno moja tu alilobuni mtu, haina uhusiano wowote na `ajira.go.tz` yenye nukta.

Kwenye simu ndogo kuna tatizo la nafasi. Ukifungua kiungo kutoka kwenye kundi la WhatsApp, anwani ndefu huenda isionekane yote. Gusa mstari wa anwani, uiburute mpaka uuone ule mkwaju, ndipo usome. Na kufuli la kivinjari liko juu, nje ya ukurasa. Kama kuna kufuli jingine la kijani katikati ya ukurasa lenye maneno "tovuti salama asilimia mia", hiyo ni picha aliyoibandika mwenye tovuti, kama anavyoweza kubandika picha ya twiga.

Kusoma jina kuna kikomo chake, nisikufiche. Tovuti ya kweli, ya shule au ya duka, inaweza kuvunjwa na mwizi akapachika ukurasa wake ndani. Jina litakuwa sahihi, kufuli litakuwepo, na ukurasa utakuwa wa mwizi. Pia tapeli anaweza kuwa na jina lake mwenyewe lisiloiga lolote, na ukalisoma vizuri kabisa bila kupata kosa. Hapo nauliza maswali mengine. La kwanza ni umri wa jina. Kwa majina kama ya `.com`, fungua `lookup.icann.org`, andika jina, utazame tarehe ya `Created`. Taasisi inayojinadi kuwa na uzoefu wa miaka ishirini huku jina lake likiwa limenunuliwa wiki tatu zilizopita, mimi naiacha hapohapo. Jina jipya peke yake si kosa, maana kila biashara ya kweli ilianza siku moja. Kinachonikimbiza ni jina jipya lenye historia ndefu ya kusimulia.

Swali la pili ni pesa zinakwenda wapi. Hebu kumbuka ulivyolipa. Nadhani ulitoka kwenye tovuti, ukafungua menyu ya pesa kwenye simu, ukaingiza namba waliyokupa. Malipo yale hayakupita kwenye kivinjari hata kidogo, na kufuli halikuwa na neno juu yake. Kabla hujaweka namba ya siri, menyu ilikuonyesha jina la mpokeaji. Kama lilikuwa jina la mtu binafsi, hapo palikuwa na ushahidi mkubwa kuliko wote waliokuonyesha siku ile, na ulikuwa mikononi mwako.

Yaliyobaki ya kufanya ni haya. Ipigie simu kampuni ya mtandao uliotumia kutuma pesa, uwape kumbukumbu namba ya muamala. Kwa mwezi mzima pesa huenda zimeshatolewa, lakini laini ile inaweza kufungiwa isimpige mwingine. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Polisi nenda ukachukue taarifa ya maandishi, siyo kwa ajili ya hiyo 15,000, bali kwa sababu namba yako ya NIDA na picha ya cheti viko mikononi mwa mtu, na siku vikitumika vibaya utahitaji karatasi inayoonyesha ulishatoa taarifa. Piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na urudie kila baada ya muda. Kama fomu ile ilikutaka utengeneze nywila, na nywila hiyo ndiyo unayotumia kwenye barua pepe yako, ibadilishe leo.

Umesema kufuli bado lipo. Litaendelea kuwepo, na cheti kitajihuisha kila kinapokaribia kuisha, kwa sababu bado jina ni la yule bwana na bado swali analoulizwa ni lilelile. Kuna orodha nyingine isiyohusiana na vyeti, ya tovuti zilizoripotiwa kwa utapeli, na vivinjari vingi huitazama kabla ya kukufungulia ukurasa. Google hupokea ripoti hizo hapa:

```
https://safebrowsing.google.com/safebrowsing/report_phish/
```

Nakili anwani ya ile tovuti kama ilivyo, uibandike hapo, uandike kwa ufupi kilichotokea. Wakiridhika, atakayefuata kubofya kiungo kile atakutana na ukurasa mwekundu unaomwambia arudi alikotoka, na cheti cha tapeli nyuma yake kitakuwa bado ni halali.